Wiki sita za lahajedwali kwa watu wazima: faili moja, mwanzo hadi mwisho

*"Nimepewa watu wazima kumi na wawili niwafundishe lahajedwali kuanzia sifuri. Baadhi hawajawahi kushika kipanya. Tuna wiki sita, vipindi viwili kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Darasa lililopita nilipita menyu moja baada ya nyingine; wiki ya nne nikawauliza jumla inapatikanaje, wakanyamaza. Safari hii nipangeje, na niache nini?"*

Mwalimu mwenzangu, una saa 18 tu, na menyu za Excel peke yake zingekumaliza saa hizo kabla hujafika katikati. Achana nazo. Chukua faili moja, daftari la matumizi, na mtu akae nalo wiki zote sita. Wiki ya kwanza lina mistari mitano, ya mwisho lina sitini. Kila unachofundisha kiingie kwa sababu daftari lenyewe limekidai. Safu ni nne za kuanzia: A ni Tarehe, B ni Maelezo, C ni Aina, D ni Kiasi. Ukitumia Google Sheets au LibreOffice Calc badala ya Excel, mpango ni uleule.

Kabla ya siku ya kwanza, pita kwenye kila kompyuta na andika `25/3/2025` kwenye seli tupu, kisha bonyeza Enter. Ikienda upande wa kulia wa seli, mashine inasoma siku kwanza, mwezi baadaye. Ikibaki kushoto, mashine imepangwa kusoma mwezi kwanza, haijaona mwezi wa 25, na imeamua kuwa hayo ni maandishi tu. Zote zipange namna moja. Ukiacha hilo, wiki ya pili utakuwa na wanafunzi wawili waliokaa jirani, wameandika kitu kilekile, wamepata majibu tofauti, na wewe hujui uanzie wapi.

Wiki ya kwanza ni ya mkono. Kuza skrini hadi asilimia 150, kwa sababu wengi wa rika hilo hawatakwambia kwamba hawaoni vizuri. Kazi kubwa ni kuzitambua sura tatu za mshale. Msalaba mnene mweupe unachagua seli. Mishale minne, inayotokea ukigusa ukingo wa seli, inahamisha kilichomo. Msalaba mwembamba mweusi, kwenye kona ya chini kulia, unanakili. Anayeanza akishika ukingo bila kujua, data inahama na yeye anasema "imepotea". Waache waihamishe makusudi, kisha wairudishe kwa `Ctrl+Z`, mara kumi, mpaka waizoee. Hilo likiisha, wape mistari mitano kwenye karatasi waiingize: Tab kwenda safu inayofuata, Enter mwisho wa mstari. Wakitumia Tab tangu safu ya A, Enter itawarudisha A ya mstari unaofuata. Waonye pia kwamba kuandika juu ya seli yenye kitu kunafuta kilichokuwamo. Anayetaka kusahihisha herufi moja abofye mara mbili. Na kila kipindi kianze kwa mtu kulitafuta faili lake mwenyewe na kulifungua. Usiwafungulie. Anayeshindwa kulipata faili lake nyumbani hana atakachofanyia mazoezi.

Wiki ya pili ndiyo nzito kuliko zote, ingawa ukiitazama haionekani kuwa na kitu. Hapo mtu anajifunza kwamba anachokiona kwenye seli na kilichomo ndani ya seli ni vitu viwili. Kompyuta inagawa kila unachoandika katika makundi: namba, tarehe, au maandishi. Haikuulizi, inaamua yenyewe ukibonyeza Enter, na uamuzi wake unauona kwa upande ambao kitu kimelalia. Namba na tarehe hulala kulia. Maandishi hulala kushoto. Ukiwafundisha kutazama hilo tu kwa vipindi viwili, hujapoteza muda.

Nilipata kuwa na mwanafunzi aliyefanya kazi ya kupiga chapa miaka mingi. Mashine za zamani za taipu, nyingi, watu walikuwa wakipiga herufi O kwenye nafasi ya sifuri na hakuna aliyejali. Mistari yake mitano ilisomeka hivi kwenye safu ya Kiasi: 1200, 4500, 800, 25OO, 3000. Tazama ya nne kwa makini. Kwa jicho ni elfu mbili na mia tano. Kwa kompyuta ni neno. Akaweka jumla:

```
=SUM(D2:D6)
```

Jibu likaja 9500. Hakuna alama nyekundu wala onyo. `SUM` ikikuta maandishi ndani ya eneo ililopewa inayaruka kimyakimya. Jumla halisi ni 12000, na kama asingekuwa amepiga hesabu pembeni kwenye karatasi, angeondoka na 9500 yake akiiamini kwa sababu imetoka kwenye mashine.

Kosa hilo litengeneze makusudi mbele ya darasa. Mmoja aandike `2500 tu`, mwingine aweke nafasi katikati ya tarakimu, mwingine aweke O. Kisha wafundishe njia mbili za kuligundua. Ya kwanza ni jicho: 25OO imelala kushoto peke yake wakati wenzake wako kulia. Ya pili ni kuhesabu, kwa daftari refu ambalo jicho linachoka:

```
=COUNT(D2:D6)
=COUNTA(D2:D6)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye namba, ya pili inahesabu kila seli isiyo tupu. Hapa zinatoa 4 na 5. Zikitofautiana, kuna seli inayojifanya namba. Wengi wanazifundisha `COUNT` na `COUNTA` kama kazi mbili kati ya nyingi za orodha. Mimi nazifundisha kama jozi ya ukaguzi, na sijaona mtu akizisahau.

Ndiyo maana nakuomba upige marufuku mapambo mpaka wiki ya nne. Hakuna rangi, hakuna mistari ya fremu, na zaidi ya yote hakuna kuweka vitu katikati ya seli. Nilijifunza kwa aibu. Darasa langu la kwanza niliwaonyesha kupanga katikati siku ya pili kabisa, kwa sababu wanapenda na daftari linapendeza. Wakapanga safu zote katikati, na kuanzia hapo namba za kweli na za uongo zikakaa sawasawa. Jumla za watu watatu zilikuwa na kasoro, na tulikuja kuzigundua wiki ya nne.

Tarehe ifundishe kwa kuivua nguo. Waandike `1/1/2025`, kisha wabadilishe umbo la seli liwe Number. Itatokea 45658.00. Hiyo ni idadi ya siku ambazo Excel imehesabu, ikianza na tarehe 1 Januari 1900 kama siku ya kwanza. Wakirudisha umbo la tarehe, inarudi kama ilivyokuwa. Baada ya hapo hawashangai kwamba tarehe moja inaweza kutolewa kwenye nyingine ikatoa siku, na hawaogopi tarehe inapogeuka kuwa tarakimu tano. Usiende mbali zaidi ya hapo, ila wajue kwamba uamuzi wa mashine unaweza kukosea hata kwa wataalamu: mwaka 2020 kamati inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa lahajedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe kila yanapoandikwa. Kwenye daftari lako kinachofanana na hicho ni namba ya simu inayoanza na sifuri. Ukiiandika hivihivi sifuri inaliwa; tanguliza alama ya `'` nayo itabaki kama maandishi. Namba ya simu haijumlishwi na kitu, kwa hiyo kulala kwake kushoto ni sawa kabisa.

Wiki ya tatu, fomula. Ongeza safu mbili: E ni Kilicholipwa, F ni Baki. Kwenye F2 waandike:

```
=D2-E2
```

Kabla hawajanakili kwenda chini, kila mtu aandike kwenye karatasi anadhani F3 itakuwa na nini. Wengi huandika `=D2-E2`, kwa sababu kwao kunakili ni kutoa nakala. Kisha wavute ule msalaba mweusi, wabofye F3, na wasome mstari wa fomula juu ya jedwali: `=D3-E3`. Hapo waeleze kwamba fomula haikumbuki "D2". Inakumbuka "seli mbili kushoto kwangu, kasoro seli moja kushoto kwangu". Ukiinakili mahali pengine inabeba maelekezo hayohayo, ikihesabu kutoka pale ilipo. Sentensi hiyo irudie kwa maneno tofauti mpaka uone vichwa vikitikisika, maana isipoingia, yote yanayofuata yatakaririwa tu.

Ikiingia, kipindi cha pili kitaenda chenyewe. Jumla usiiweke chini ya daftari, kwani daftari bado linakua. Iweke pembeni: I1 iandikwe Jumla kuu, J1 iwe na

```
=SUM(D:D)
```

Eneo hilo linachukua safu nzima, kichwa cha safu kinarukwa kwa kuwa ni maandishi, na mstari wa 61 ukija utaingia bila mtu kugusa fomula. Ungeandika `D2:D31`, mistari inayoongezwa chini ya 31 ingebaki nje. Kosa la namna hii lina historia. Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye majina, walichapisha mwaka 2010 makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon, akifanya zoezi la darasa, alilipata faili lao na kukuta wastani umekomea mstari wa 44 wakati data inafika 49. Nchi tano zilikuwa nje ya hesabu. Halikuwa kosa pekee aliloliona, lakini ndilo ambalo mwanafunzi wako wa wiki ya tatu angeweza kulikamata kwa kubofya seli mara mbili na kutazama fremu ya rangi imeishia wapi. Wafundishe kufanya hivyo kwa kila jumla.

Sasa safu ya G, asilimia ya kila mstari katika jumla kuu. Waandike `=D2/J1` na wavute chini. Mstari wa kwanza unatoa jibu, mingine yote inaandika `#DIV/0!`. Usiwasaidie haraka. Waambie wabofye G3 na wasome: `=D3/J2`. J2 ni tupu, na kugawanya kwa utupu hakuwezekani. Maelekezo "seli tatu kulia, mstari mmoja juu" yametembea wakati wao walitaka yasimame. Dawa ni kuipigilia J1 msumari:

```
=D2/$J$1
```

Alama ya dola waiandike kwa mkono. Kuna kitufe cha F4 kinachoiweka, ila kwenye kompyuta nyingi za mapajani lazima ushike na Fn, na zaidi ya hapo ukimwambia mgeni "bonyeza F4" ataenda kubofya seli ya F4. Lilinikuta.

Kwa watakaoendelea kupiga jumla kwa kikokotoo cha simu na kuandika jibu kwenye seli (daima wapo, na hawafanyi hivyo kwa ujinga, wanakiamini wanachokijua), mwambie mmoja wao abadilishe 800 iwe 8000 kwenye mstari wake, kisha atazame jumla yake na ya jirani. Usiongeze neno.

Wiki ya nne ni kupanga na kuchuja, na ni wiki ya kupoteza data. Hatari ni moja: mtu anachagua safu ya D peke yake, anaipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, na viasi vinahama huku tarehe na maelezo yakibaki palepale. Daftari linaonekana zima. Jumla haijabadilika hata kidogo, kwa hiyo ukaguzi wa jumla haukusaidii. Kila mstari sasa ni uongo. Excel mara nyingi huuliza kabla, ikitoa `Expand the selection` na `Continue with the current selection`, na mtu mwenye haraka anabofya bila kusoma. Wafundishe kubofya seli moja tu ndani ya data kabla ya kupanga, wasichague safu. Na kabla ya kupanga, kila mtu akariri mstari mmoja mzima: tarehe fulani, umeme, 4500. Baada ya kupanga autafute. Ukiwa mzima, sawa. Ukiwa umevunjika, `Ctrl+Z` papo hapo, kwa sababu kwenye Excel ukishafunga faili hakuna njia ya kurudi nyuma kwa kitufe hicho. Mstari mtupu katikati ya daftari nao ni mtego wa hapa: programu huuona kama mwisho wa data na kupanga kipande cha juu tu. Anayependa kuacha mstari kati ya mwezi na mwezi, mwonyeshe mara moja kinachotokea.

Kuchuja hakusumbui, nusu saa inatosha, ilimradi wajue kwamba mistari iliyofichwa haijafutwa, na kwamba `SUM` bado inaihesabu. Muda unaobaki waruhusu mapambo, na kugandisha mstari wa vichwa kwa `Freeze Top Row`. Wanakuwa wameisubiri siku hiyo.

Wiki ya tano daftari linajibu swali: kila aina imekula kiasi gani? Fungua karatasi ya pili ndani ya faili, iite Muhtasari, na ya kwanza iite Daftari. Kwenye A2 kwenda chini waandike aina, Usafiri, Umeme, Simu, Matengenezo, kila moja mara moja. B2:

```
=SUMIF(Daftari!C:C,A2,Daftari!D:D)
```

Wasomee kwa Kiswahili: tafuta kwenye safu ya C ya Daftari kila palipoandikwa neno lililo A2, ujumlishe viasi vya D vya mistari hiyo. Kompyuta inayotumia mkato kwa desimali itadai `;` mahali pa `,`, na LibreOffice Calc hutumia nukta mahali pa `!`. Jua yako ni ipi kabla hujasimama mbele ya watu.

Kisha walinganishe jumla ya Muhtasari na J1. Turudi kwenye ile mistari mitano, ambamo Usafiri ipo mara mbili, 1200 na 3000. Daftari linasema 12000, Muhtasari unasema 10800. Tofauti ni 1200, na tofauti yenyewe inakutajia mshtakiwa: nenda kwenye mstari wenye 1200. Aina yake inasomeka Usafiri, herufi kwa herufi. Bofya mara mbili, peleka mshale mwisho wa neno, na utaona kuna nafasi moja baada ya i. Kwa `SUMIF` hilo ni neno jingine. Herufi kubwa na ndogo haijali, nafasi inajali. Si kila mara tofauti itakuwa sawa na mstari mmoja, inaweza kuwa jumla ya miwili au mitatu, ila pa kuanzia unapo.

Wakishasafisha makosa hayo kwa mkono na kuchoka, ndipo uwaletee orodha ya kuchagua, `Data Validation`, kwenye safu ya C, ili aina ichaguliwe badala ya kuandikwa. Ukiileta kabla hawajaumia, wataiona urembo. Chati weka moja tu ya nguzo kutoka Muhtasari, dakika 20, basi.

Wiki ya sita usifundishe kitu kipya. Kipindi cha kwanza wape faili uliloliharibu wewe, lenye makosa matano: O badala ya sifuri, tarehe moja iliyolala kushoto, jumla inayokomea mstari wa katikati, nafasi ya ziada kwenye aina, na seli moja ya Baki yenye namba iliyoandikwa kwa mkono badala ya fomula. Wayatafute na waeleze wameyajuaje. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani namba ni sahihi na imelala kulia. Linaonekana ukibofya tu na kusoma mstari wa fomula. Kipindi cha pili kila mtu aanze karatasi tupu na jambo lake mwenyewe, vichwa vya safu avichague yeye, nawe ukae mbali.

Umeuliza cha kuacha: `VLOOKUP`, `PivotTable`, `IF` zenye `IF` ndani yake, na makro. `IF` ya kawaida naiacha pia, kwa shingo upande, maana inakula kipindi kizima na daftari hili halijaiomba. Kuchapisha kwenye karatasi fundisha kwa dakika kumi atakapouliza mtu. Mwonyeshe kubana safu zote zienee upana wa ukurasa mmoja.

Aliyekosa kipindi usimpe maelezo ya kusoma. Mpe nakala ya faili la jirani yake kama lilivyokuwa mwisho wa kipindi hicho, na umkalishe naye robo saa ya kwanza. Aliyekosa wiki ya pili yote, hata hivyo, mrudishe kwenye ile mistari mitano kabla hujamruhusu kugusa fomula.